Goti, gia nyepesi na mlima wa Marangu

*"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41, nafanya kazi Himo na kila jioni narudi nyumbani Marangu kwa baiskeli, kama kilomita 12 za kupanda. Baiskeli ni ya mtumba, magurudumu ya inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Napanda na gia ya kati mbele na namba nne nyuma, maana ile ndogo ya mbele fundi aliifunga, cheni ilikuwa inadondoka kila nikiiweka. Tangu mwezi uliopita magoti yanauma kwa mbele, hasa la kulia, na nikishuka ngazi ndiyo balaa. Wenzangu wanasema ute wa goti umekauka, nile bamia. Wengine wanasema gia nyepesi zinachosha miguu bure, unanyonga sana na huendi. Je, niache baiskeli?"*

Marahaba, na pole kwa magoti. Baiskeli usiiache. Anza na ile gia ndogo iliyofungwa, kwa sababu kila jioni unapanda mlima mrefu huku gia uliyotengenezewa kupandia mlima ikiwa imefungiwa nje. Maumivu ya mbele ya goti yanayozidi mtu akishuka ngazi, kwa mnyonga baiskeli anayetumia gia nzito mlimani, mara nyingi hutoka kwenye pia ya goti na sehemu inapokaa. Siwezi kulithibitisha hilo bila kulishika goti lako, na mbele nitakueleza dalili ambazo ukiziona usisubiri. Lakini kama kisa chako ndicho hicho, dawa yake ya kwanza unayo tayari kwenye baiskeli.

Nianze na ute, kwa kuwa maneno hayo yameenea sana. Ute wa goti haumwagwi mara moja kama oili ya injini kisha ukaisha. Unatengenezwa na utando unaozunguka goti kwa ndani, siku zote, mtu akiwa mzima na hata akiwa mgonjwa. Bamia ni mboga nzuri, ila ule mlenda wake unasagwa tumboni kama chakula kingine chochote, hauna njia ya kwenda moja kwa moja hadi gotini. Tena goti lililosumbuliwa kwa kawaida huongeza maji, ndiyo maana huvimba. Kwa hiyo bamia ule ukipenda, lakini usiitegemee kuponya goti.

Sasa tazama goti lenyewe. Kaa kwenye kiti, weka kiganja juu ya pia ya goti la kulia, halafu inuka polepole ukiegemea zaidi mguu huo. Utaisikia pia ikikazwa na kuvutwa ndani pale mwanzo kabisa wa kuinuka, kisha inalegea kadiri mguu unavyonyooka. Misuli ya paja la mbele inapovuta ili kunyoosha mguu, inavuta kwa kupitia hiyo pia, na pia inabanwa dhidi ya mfupa wa paja. Ukubwa wa kubanwa huko unaamuliwa na mambo mawili: misuli inavuta kwa nguvu kiasi gani, na goti limekunjika kiasi gani wakati inavuta. Nguvu ndogo goti likiwa limekunjika kidogo haina tabu. Nguvu kubwa goti likiwa limekunjika sana ndiyo inayolalamikiwa. Kushuka ngazi kunakuumiza kwa sababu hiyohiyo, maana mguu wa juu unabeba mwili mzima huku goti likizidi kukunjika.

Kwenye baiskeli, goti hukunjika zaidi pedeli ikiwa juu kabisa, na huko linaweza kupita nyuzi 100. Pedeli ikiwa chini kabisa, siti ikiwa sawa, goti hubaki limekunjika nyuzi kama 30 tu. Mtu mwenye gia nyepesi huivusha pedeli pale juu kwa urahisi na kuanza kusukuma kwa nguvu ikiwa imeelekea mbele. Mwenye gia nzito mlimani, baiskeli ikitaka kusimama, hulazimika kuanza kukandamiza pedeli ikiwa bado juu, kabla goti halijafunguka. Anapata mabaya yote mawili kwa pamoja, nguvu kubwa na goti lililokunjika.

Kiasi cha nguvu hiyo tunaweza kukikadiria. Baiskeli za namna yako kwa kawaida huwa na meno 42, 34 na 24 mbele, na nyuma friwili ya meno 28 hadi 14. Hesabu meno ya yako uhakikishe. Ukiwa kati mbele na namba nne nyuma, maana yake ni meno 34 kwa meno 20, yaani kila ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 1.7. Tuseme wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 90, uko kwenye kipande kinachoinuka mita 6 kwa kila mita 100, na unakwenda kilomita 8 kwa saa. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi la kawaida la mlimani husogea mita 2 na sentimita kama 5 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo huo na gia hiyo, miguu yako inazunguka mara 38 tu kwa dakika.

Chukua mlima huohuo na mwendo uleule wa kilomita 8, ila uwe na gia ndogo mbele na kubwa nyuma, meno 24 kwa 28. Sasa miguu inazunguka mara 76 kwa dakika. Kazi ya kuinua kilo 90 haijabadilika hata kidogo, maana mlima ni uleule na saa ni ileile. Kilichobadilika ni jinsi kazi hiyo inavyogawanywa. Kwenye gia nzito, wastani wa nguvu kwenye pedeli kwa mzunguko mzima ni kama uzito wa kilo 20. Kwenye gia nyepesi ni kama kilo 10. Na kwa kuwa mguu hausukumi sawasawa duara lote, bali hasa pedeli inapokuwa mbele ikishuka, ule mkandamizo mkubwa kabisa hufika karibu mara mbili ya wastani. Kwa hiyo mguu unakandamiza pedeli kwa kama kilo 40 kila pigo kwenye gia nzito, na kama 20 kwenye nyepesi. Hiyo ni ya pedeli tu. Pale nyuma ya pia mkandamizo huwa mkubwa zaidi, kwa sababu misuli ya paja inavuta karibu sana na kiungo huku pedeli ikiwa mbali nacho.

Hapa wenzako wana hoja ambayo inastahili jibu la kweli. Kwa kilomita zako 12, ukipanda zote kwa 34 na 20 utazungusha pedeli mara 3,400 hivi. Ukipanda kwa 24 na 28 utazungusha mara 6,800. Ni kweli unanyonga mara mbili zaidi. Lakini kwa goti, mapigo mengi madogo hayalingani na mapigo machache makubwa, hata kama jumla ya kazi ni ileile. Ni kama kupandisha gunia la mahindi la kilo 100 kwenye lori. Ukilibeba zima mara moja mgongo unaweza kukatika, ukilipunguza kwenye ndoo za kilo 10 utapanda na kushuka mara kumi na kesho yake unafanya kazi tena. Gegedu na kano za goti huvumilia maelfu ya mizunguko mepesi. Kinachozichokoza ni mkandamizo unaozidi kile zilichozoea, unaorudiwa kila jioni bila nafasi ya kupumzika.

Kuna gharama moja ya gia nyepesi, nayo ndiyo inayowafanya watu waseme zinachosha. Kuzungusha miguu haraka kunahitaji pumzi zaidi, kwa kuwa miguu yenyewe ina uzito na kuizungusha tu ni kazi. Mtu aliyezoea mizunguko 38 akienda ghafla kwenye 76 atahema na moyo utamwenda mbio, ingawa mapaja hayaungui. Atasema gia hii mbaya. Ukweli ni kwamba mzigo umehama kutoka kwenye misuli na goti ukaenda kwa moyo na mapafu, ambavyo huzoea ndani ya wiki chache. Goti lililochokozwa halina haraka hiyo ya kupona. Kwa hiyo usiruke. Tafuta mizunguko 50 wiki ya kwanza, halafu ongeza mitano hivi kila wiki hadi ufike kati ya 65 na 80 mlimani. Ukishazoea, ukishuka chini ya 60 mlimani huku gia nyepesi zaidi bado ipo, ihamie. Na huna sababu ya kulazimisha 90 na zaidi ukipanda. Ukiona unadundadunda juu ya siti, umepita kiasi chako.

Kuhesabu hakuhitaji kifaa. Angalia saa, hesabu mara ambazo goti la kulia linapanda juu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Ukipata 10, uko kwenye 40, na hiyo ni gia nzito mno kwa mlima. Ukipata 17 au 18, uko pazuri. Fanya hivyo mara tatu au nne njiani, kila mara mlima unapobadilika, na baada ya siku chache mguu wenyewe utakuwa unakuambia.

Sasa ile gia ndogo. Fundi wako hakukosea kuona tatizo, ila amelifungia badala ya kulitengeneza. Mbele, juu ya gia zenyewe, kuna kibano chenye mabati mawili ambacho cheni inapita katikati yake. Ukilegeza waya wa gia, springi ya kibano inakivuta kuelekea ndani na cheni inadondokea gia ndogo. Kinachozuia kibano kisipitilize ni skrubu ndogo. Ziko mbili zimekaa jirani, moja imeandikwa L na nyingine H. L ndiyo inayoweka mpaka wa upande wa ndani, na cheni ikidondokea upande wa fremu, mara nyingi ni L imelegea.

Mwambie fundi mfanye hivi. Inueni gurudumu la nyuma, wekeni cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma na ndogo kabisa ya mbele, kisha mfungue nati inayobana waya wa kibano ili waya usivute chochote. Hapo ndipo cheni hukaa ndani zaidi kuliko popote. Tazameni nafasi kati ya cheni na bati la ndani la kibano. Inatakiwa ibaki nyembamba sana, isiyozidi nusu milimita, cheni isikwaruze lakini pia isiwe na pa kukimbilia. Nafasi ikiwa kubwa, zungusheni L kuelekea kulia, robo mzunguko kwa mara moja, mkizungusha pedeli kila baada ya robo. Mkimaliza, leva ya gia iwe kwenye namba moja, vuteni waya kwa mkono unyooke tu bila kukaza, kisha funga nati. Jaribuni kupandisha na kushusha mara kumi bila mtu juu ya baiskeli, halafu uijaribu mwenyewe pa tambarare kabla ya kwenda nayo mlimani.

Ikiendelea kudondoka, mwangalie waya. Vumbi la kiangazi na tope la masika huingia ndani ya mpira wa waya, unapata kutu, na kibano hakirudi taratibu tena. Kinakwama, halafu kinaachia kwa kishindo na kuirusha cheni kupita gia. Waya mpya na mpira wake ni vitu vya bei ndogo, na kwa baiskeli ya mtumba ni vizuri kubadilisha bila hata kungoja. Mwangalie pia kama kibano kimekaa sambamba na gia, na kama ukingo wa chini wa bati lake la nje uko milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya gia kubwa ya mbele. Kikiwa kimepinda au kimepandishwa juu sana, skrubu haitasaidia. Na kabla hujaanza kutumia gia hiyo, hakikisha upande wa nyuma kwamba cheni ikiwa kwenye meno 28 haigusi spoku hata kidogo. Huko nako kuna skrubu yake ya L, na ikiwa imelegea cheni inaweza kuingia kwenye spoku na kufunga gurudumu ukiwa barabarani.

Namna ya kubadilisha nayo inadondosha cheni. Gia ya mbele haipendi kuhamishwa mguu ukiwa umekandamiza, kwa sababu cheni iliyokazwa haitaki kutoka kwenye meno ilipo, ikitoka inatoka kwa kurushwa. Hamia gia ndogo ya mbele kabla mlima haujaanza, ukiwa bado na mwendo. Legeza mguu, endelea kuzungusha pedeli kwa wepesi kama nusu mzunguko au mmoja, bonyeza leva, ngoja cheni ikae, ndipo usukume. Baada ya hapo mlima wote uushughulikie kwa gia za nyuma, ambazo zinavumilia zaidi. Ukijikuta umechelewa na uko katikati ya mwinuko na gia nzito, usiipiganie. Shuka, inua gurudumu la nyuma kwa kushika siti, zungusha pedeli kwa mkono huku ukibadilisha, kisha upande tena. Kitu kimoja cha kuepuka: gia ndogo ya mbele pamoja na zile ndogo kabisa za nyuma. Cheni inalegea na kukaa mshazari, inakwaruza na kula meno, wala hakuna mlima unaohitaji mchanganyiko huo.

Siti yako sijaiona, lakini ukiwa mtu wa kuishusha ili miguu ifike chini ukisimama, basi goti lina mzigo wa pili. Siti ya chini inaliacha goti limekunjika zaidi kwenye mzunguko mzima, na hapo hata gia nyepesi inapoteza sehemu ya faida yake. Egemea ukuta ukiwa na viatu unavyonyongea, kaa vizuri, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke kabisa bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kuja kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Kama siti ilikuwa chini sana, ipandishe nusu sentimita kila baada ya siku mbili tatu, usiipandishe yote siku moja. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba la siti. Ukiona nyonga zinayumba kulia na kushoto, au maumivu yamehamia nyuma ya goti, umepita, rudisha kidogo. Ukitaka kusimama, badala ya kuweka miguu chini ukiwa bado umekaa kama ulivyozoea, sasa utateremka mbele ya siti. Inazoeleka.

Vipo vipande vya njia, hasa ukiacha lami na kuingia zile barabara za vijijini kati ya migomba, ambavyo hata 24 kwa 28 haitoshi. Pa mwinuko wa mita 10 kwa 100, ukitaka kubaki na mizunguko 60 kwa gia hiyo inabidi uende zaidi kidogo ya kilomita 6 kwa saa, na kazi inakuwa kubwa kuliko ile ya mfano wetu wa kwanza kwa karibu robo. Ziko friwili za gia saba zenye meno 34 kwenye gia kubwa ya mwisho. Ukifunga hiyo, mizunguko 60 inakupa kilomita 5 hivi kwa saa, na kazi inarudi palepale ulipokuwa kwenye mwinuko wa 6. Kwa mtu anayepanda kila siku ya kazi, hiki ndicho kifaa ningekishauri kabla ya kingine chochote.

Ila kabla ya kununua, fundi aangalie ule mkono wa nyuma wenye vigurudumu viwili vidogo. Mikono mingi mifupi haifiki meno 34. Utaijua kwa jinsi kigurudumu cha juu kinavyosagana na gia kubwa, unausikia mngurumo na kuuhisi kwenye pedeli. Cheni nayo huenda ikahitaji kuongezwa urefu. Inatakiwa itoshe kupita gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja bila kukaza mkono huo hadi mwisho, hata kama wewe hutaitumia hivyo. Na cheni iliyochakaa haikai vizuri kwenye friwili mpya, itaruka meno ukisukuma. Pima viungo 24 vya cheni, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini nyingine. Cheni mpya ni sentimita 30 na milimita 5. Ikifika sentimita 30 na milimita 7 au zaidi, badilisha vyote kwa pamoja. Fedha ikiwa haitoshi sasa, shuka na usukume baiskeli kwenye vile vipande vikali. Dakika tano za kutembea ni nafuu kwa goti kuliko kukandamiza gia inayotaka kusimama.

Kwa wiki mbili za mwanzo, gia nyepesi peke yake haitoshi, kwa sababu goti tayari limechokozwa. Punguza siku za kupanda ziwe nusu. Asubuhi teremka na baiskeli, jioni mara mbili au tatu kwa wiki ipakie kwenye gari. Siku unazonyonga, jipimie maumivu kutoka 0 hadi 10. Yakibaki 3 au chini na kesho yake asubuhi goti liko kama jana, endelea na kiwango hicho. Yakipita hapo, au ukiamka na goti gumu kuliko jana, umezidisha, punguza safari ijayo. Dawa za kutuliza maumivu usizimeze kabla ya kupanda ili uweze kupanda, maana zitakuzuia kusikia kile unachotakiwa kukisikia. Siku za kupumzika fanya zoezi moja: lala chali, goti zima likunje, lile linalouma linyooshe, kaza paja na uinue mguu hadi usawa wa goti lingine, hesabu tatu, shusha taratibu. Mara 10, kwa mikupuo mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana.

Ukifuata haya, tegemea kuona tofauti kwenye ngazi kabla ya kuiona mlimani, ndani ya wiki tatu hadi sita. Wiki sita zikiisha bila nafuu yoyote, tatizo si gia peke yake, na goti linahitaji kushikwa na mtu.

Usizingoje hizo wiki sita kama goti limevimba waziwazi, kama linakwama katikati usiweze kulinyoosha au kulikunja, kama linaachia ghafla ukitembea, kama uliwahi kuanguka au kulipinda kabla maumivu hayajaanza, au kama linauma usiku ukiwa umelala. Goti likiwa la moto, jekundu na una homa, nenda siku hiyohiyo. Ukishindwa kuukanyagia mguu, vilevile. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina madaktari wa mifupa na wataalamu wa fiziotherapia, na kwa tatizo la namna yako fiziotherapia mara nyingi ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko vidonge au sindano. Nenda na baiskeli yako ikiwezekana, au picha yako ukiwa umekaa juu yake, imepigwa kwa ubavuni, pedeli ya upande wa kamera ikiwa chini kabisa. Mwambie daktari au mtaalamu huyo pia unapanda kilomita ngapi, kwa meno mangapi mbele na nyuma, na mizunguko mingapi kwa dakika.